Barua ya wazi kwa wenye duka la charahani Mjini: nirudishieni 985,000 yangu

Wete, Pemba
2 Februari

Assalaam alaykum,

Barua hii ni ya mwenye duka mwenyewe na meneja wake, sio ya wale vijana wa kaunta, mana wao nshazungumza nao mpaka nadhani wakiisikia sauti yangu tu wanakata. Jina la duka silitaji humu, nyie wenyewe mnajijua, na oda yangu mkiitafuta mtaiona kwa jina langu na kwa namba ya simu ile ile ambayo simu yenu ya duka sasa hivi haipokei tena. Nimeiandika wazi kwa sababu njia zote za faragha mmezifunga nyie, mie sikupenda tufike huku.

Naanza na ninachokitaka ili msome mkijua tunaelekea wapi. Nlilipia ovaloki moja ya kiwandani, ile charahani ya kufunga ukingo wa nguo, ya nyuzi nne, na mota yake ya servo, na meza na miguu yake, ifikishwe Wete. Nimelipa shilingi 985,000 zote hakuna iliyobaki. Mashine haijafika mpaka leo naandika. Sasa siitaki tena mashine, nataka pesa zangu zote, ziwe zimeingia kabla ya Jumatatu tarehe 16 Februari, na sababu ya kuitaja tarehe hiyo ntaieleza huko chini.

Mambo yalikwenda hivi. Tarehe 11 Novemba mwaka jana nliwaandikia kwenye simu ya duka, namba ile ile ilokuwepo kwenye kibao chenu na kwenye mifuko yenu, nkauliza bei ya ovaloki ya nyuzi nne. Nkajibiwa 950,000 na mota ya servo ndani yake. Nkauliza makusudi kama ni servo kweli au ni ile mota ya zamani ya klachi, kwa sababu ile ya klachi ukiiwasha inazunguka muda wote hata kama mguu hujautia, inanguruma na inakula umeme bure, na mie umeme nanunua wa tokeni na mtaani kwetu kuna watoto wanalala mchana. Nkajibiwa "servo sista, mpya ndani ya boksi". Siku hiyo hiyo nkatia arbuni 300,000 kwa lipa namba ya duka, na kabla sijathibitisha jina la biashara yenu lilinijia kwenye simu, kwa hiyo hapa hakuna wa kusema pesa zilikwenda kwengine.

Tarehe 24 Novemba nkaletewa meseji kwamba mashine yangu imeshatoka stoo, nimalizie 650,000 pamoja na nauli ya mzigo 35,000 mpaka bandari ya Wete, itafika kabla ya tarehe 5 Desemba. Safari hii nkapewa namba ya kawaida ya simu sio lipa namba, nkaambiwa lipa namba ina matatizo ya mtandao. Nkatuma 685,000. Meseji ya kukubali kwamba zimefika ilitoka tena kwenye simu ya duka, ina picha ya kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono na muhuri wenu juu yake. Yote haya ninayo, na namba za miamala yote miwili nimezitoa kwenye karatasi.

Tarehe 5 Desemba ikapita. Nkaambiwa meli imejaa. Baadae nkaambiwa bahari mbaya, na hiyo nlikubali mana mtu wa Pemba hawezi kubishana na bahari, lakini abiria walikuwa wanashuka hapa na mizigo yao, na majirani zangu wakipokea magodoro na mafriji kutoka huko huko Mjini. Kuingia Januari ndo nkaletewa ile picha, na juu ya picha hiyo ndo nataka tukae kidogo, kwa sababu mpaka leo nyie mnaishika kama ushahidi kwamba kazi yenu mlimaliza.

Picha yenyewe ni katoni moja imewekwa chini kwenye sakafu ya saruji, na chini yake maneno: "mzigo umeshapakiwa, fuatilia bandarini kwenu."

Jamani, mnamwambia nani? Ovaloki ya kiwandani haiji kwenye katoni moja. Kichwa kina katoni yake, na kichwa peke yake mtu mmoja anakinyanyua kwa tabu. Mota ina boksi lake dogo zito. Ubao wa meza unakuja peke yake umezungushiwa makaratasi, na miguu ya chuma imefungwa kivyake. Fundi yoyote alowahi kununua mashine ya aina hii anajua kwamba ukipewa katoni moja basi umepewa kichwa tu bila ya pa kukiweka wala cha kukizungusha. Kwa hiyo hata kama hiyo katoni ilikuwa yangu, mlonipakilia ni robo ya nlicholipia.

La pili, nliivuta ile picha ikawa kubwa nkasoma ubavuni. Imeandikwa 737. Na nyie ndo wauza mashine, mnajua kuliko mie kwamba kwenye hizi ovaloki za kiwandani 737 ndo ya nyuzi tatu, ya nyuzi nne ni 747. Tafauti yake sio maneno ya kwenye boksi tu. Ya nyuzi nne ina sindano mbili, ile mishono miwili inashika nguo na kufunga ukingo kwa wakati mmoja, ya nyuzi tatu inafunga ukingo usichanike tu, mshono wa kushikilia nguo inabidi urudi ukaupige kwenye mashine nyengine. Mie nashona sare za skuli, kaki na drili, watoto wanaruka nazo ukuta, nyuzi tatu hazinitoshi na ndo mana nliandika nne kwenye meseji ya mwanzo kabisa.

Na la tatu ambalo ndo limenifanya nicheke peke yangu ingawa sikuwa na furaha: ile katoni haina jina. Hakuna mzigo unaokuja Pemba bila ya kuandikwa kwa makapeni jina la mtu na namba yake ya simu, tena pande mbili, kwa sababu ukishashushwa unatupwa pamoja na ya wenzio na kinachokutambulisha ni hayo maandishi. Hata mtu akitumiwa kilo mbili za tende na shangazi yake anaandikiwa. Sasa nyie mashine ya laki tisa na nusu mmeipakia haina hata herufi moja?

Juu ya hivo nlikwenda. Nlikwenda bandarini hapa Wete nkaomba watazame orodha ya mizigo, na mtoto wa dada yangu anakaa Mkoani nkamtuma naye akaulize kule, mana wakati mwengine mzigo wa Wete unateremshwa Mkoani. Karani mmoja, Mungu ampe kheri, alinikalisha akafunua karatasi za wiki nzima ile mlonitajia. Hakuna jina langu, hakuna jina la duka lenu, hakuna charahani yoyote. Aliniuliza swali moja tu: "Wamekupa wayabili?" Kwa wasojua, ile ndo risiti anayopewa mpeleka mzigo pale anapoukabidhi, ina namba yake, ina idadi ya vipande, ina jina la mpelekaji na la mpokeaji na nauli ilolipwa, na ndo inayomtoa mtu na mzigo getini. Nliwaombeni wayabili toka siku ya picha. Mwanzo mkasema ipo ofisini, tena mkasema kijana alosafirisha kaondoka nayo, tena simu ikawa haipokelewi.

Niseme wazi hapa ili tusizungushane. Ingekuwa mie nimemtuma mtu wangu mwenyewe na chombo changu aje kuichukua mashine dukani kwenu, mkamkabidhi akaondoka nayo, ikapotea njiani hapo ningekuwa nadaiana na mtu wangu, nyie mngekuwa hamna lawama. Lakini sisi hatukupatana hivo. Nyie ndo mlochagua usafiri, nyie ndo mlopokea nauli 35,000 mkononi mwenu, na mkaandika kwa maneno yenu "mpaka Wete". Kwa hiyo mzigo uko juu yenu mpaka nikabidhiwe mie Wete, na kama umepotea baharini au umeibwa bandarini basi mdaini nyie huyo mlompa, mana ndo mnamjua, mie hata jina la chombo hamkuniambia. Na kama hamna wayabili hata yeye hamtamdai, ndo kusema hakuna mzigo uliopelekwa.

Sasa nije kwenye habari ya kijana. Wiki ilopita, baada ya jamaa yangu aliyeko Mjini kupita hapo dukani kwa ajili yangu, akaambiwa kauli mpya kabisa: yule kijana alokuwa anashika simu ameacha kazi, ile namba ya pili ilikuwa yake binafsi, pesa alikula yeye, kwa hiyo 300,000 tu ndo iloingia kwenye duka na hizo nyengine nikamtafute yeye. Jamaa yangu akanipigia pale pale nkamwambia amuulize meneja jambo moja. Kama kijana alikula pesa, mashine mlonambia imepakiwa mlipakia kwa pesa za nani? Hakujibiwa. Ima mashine ilitoka, basi mlipokea pesa kamili, ima haikutoka, basi ile picha ilikuwa ya kunidanganya. Chagueni moja.

Na hata tukisema kweli kijana ni mwizi, mie namjuaje? Sikumkuta barabarani. Nlimkuta ndani ya simu yenu, anajibu kwa jina la duka lenu, anatoa bei zenu, anapiga muhuri wenu, na nyie ndo mlomkalisha pale. Mteja alie kisiwa chengine anaujua mlango mmoja tu ambao ni ile namba mloibandika kwenye kibao, alokaa nyuma yake ni wa kwenu kumchunga. Kama amewaibia nendeni polisi mkamshitaki, nami nikiitwa kutoa maelezo ntakuja, na meseji zangu zote ntawapa ziwasaidie. Ila hiyo ni kesi yenu na yeye. Nyie mnataka kuichukua hasara ya mfanyakazi wenu mumvalishe mteja.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini sikwenda kwa kampuni ya simu zikarudishwa. Nlipiga. Nkaelezwa vizuri tu kwamba wao wanaweza kuzuia pesa ilokwenda namba siyo kwa bahati mbaya, na hiyo nayo iwe bado imelala kwenye simu ya alopokea haijatolewa. Hii yangu ilikwenda kwa nlokusudia, ugomvi wetu ni wa mali kutofika, hapo wao hawaingii mpaka kuwe na amri ya polisi au mahkama. Walichonisaidia ni taarifa ya miamala yangu yenye tarehe, saa, kiasi na jina la mpokeaji kwa kila mmoja, nayo nshaitoa. Kwa hiyo pesa hizi hakuna wa kunirudishia isipokuwa nyie.

Halafu hii ya arbuni. Meneja alimwambia jamaa yangu, tena kwa sauti ya kufundisha, kwamba "hata hiyo laki tatu ni arbuni, na arbuni kwa desturi hairudi". Bwana meneja, desturi hiyo tunaijua sote, tumezaliwa nayo. Arbuni haimrudii mnunuzi pale anapojitoa yeye, kwa sababu muuzaji kazuia mali yake kwa ajili yake, kafukuza wateja wengine. Mie nlijitoa lini? Nlimaliza bei yote. Tokea tarehe 24 Novemba pale sikuwa na arbuni tena, nlikuwa na bei kamili ilolipwa na mali isofika. Mlovunja nyie. Muuzaji akivunja yeye halafu akabaki na arbuni ya mnunuzi, hiyo sijui dini gani na desturi ya wapi, kamuulizeni shekhe wenu wa msikiti wa karibu hapo, sio lazima mnisikilize mie.

Kuna na ofa mlonipa, nisije nkasemwa kwamba nlisaidiwa nkakataa kwa kiburi. Mlisema nichague kitu chengine dukani cha bei hiyo, na mkanitajia ile ovaloki ndogo ya kuweka juu ya meza, ya majumbani, pamoja na pasi na vitambaa vya bitana. Ile mashine ndogo naijua, kuna mwenzangu anayo. Kwa kupiga ukingo wa kanga au dera moja moja haina neno. Lakini ukiipitishia kaki pale mishono miwili inapokutana, kwenye kinena cha suruali au kwapani mwa shati, inakwama, sindano inavunjika, na ukiishindilia kutwa nzima mota yake inapata moto mpaka unaisikia harufu. Mie nashona sare kwa dazeni. Kunipa ile ni kunipa kazi ya kuja kugombana nanyi tena mwezi wa nne. Na bitana sikuziomba.

Na ile ofa nyengine ya "tutakuwa tunakutumia kidogo kidogo tukipata" siikubali kwa namna ilivosemwa. Kidogo kidogo ni kiasi gani, na tukipata ni lini? Mie sikulipa kidogo kidogo, 685,000 nlizituma kwa pigo moja nlipoambiwa tuma. Kama kweli duka limekwama, na haya mambo yanatokea kwa wafanyabiashara nafahamu, basi mwenye duka mwenyewe aniandikie leo kwa mkono wake na muhuri: nusu tarehe fulani, nusu tarehe fulani, na ya mwisho isizidi hiyo 16 Februari. Hapo ntamsikiliza. Chini ya hapo hapana.

Mtaniuliza 16 Februari ina nini. Ramadhani hiyo iko mlangoni, na fundi yoyote wa Unguja au Pemba anajua Ramadhani ndo mavuno yetu. Nguo za Sikukuu zinaanza kuletwa mapema, wenye watoto wengi wanaleta kabla ya mfungo kabisa, na kufika kumi la mwisho unafunga daftari hupokei tena. Msimu wa sare za Januari nshaupoteza kwa ajili yenu. Si kwamba sikushona, nlishona, lakini kila nguo nlikuwa nalazimika kuipeleka kwa fundi mwengine kupigwa ovaloki kwa malipo, nakaa foleni nyuma ya kazi zake mwenyewe, na faida ya kila sare ikawa inabaki kwenye benchi la mwenzangu. Kuna wazee wa skuli waliondoa vitambaa vyao wakapeleka Chake kwa sababu nliwaahidi siku zikapita. Sikudaini hayo humu. Ningeweza, lakini najua tukianza kuhesabu hasara ya kazi tutabishana mpaka mwezi wa Rajabu urudi, na mie nataka kitu kisichobishaniwa, yaani zile zile nlizozitoa. Nikizipata kabla ya mfungo nawahi kununua mashine kwa mtu mwengine na kuwahi Sikukuu.

Hesabu ni hii, mtu wa mahesabu wa duka aitazame. Arbuni 300,000 kwa lipa namba tarehe 11 Novemba. Malipo ya kumalizia 650,000 tarehe 24 Novemba. Nauli ya mzigo 35,000 siku hiyo hiyo kwenye muamala huo huo. Jumla 985,000. Nauli nayo inarudi, msiikate mkasema ilishatumika, mana hakuna kitu kilichosafiri. Na ada ya kutuma iwe juu yenu, zinifikie 985,000 kamili, sio mtume 985,000 halafu mie nikitoa nibakiwe na pungufu. Njia iliyo rahisi ni kuweka benki, namba ya akaunti nimeiandika kwenye barua ya karatasi ambayo jamaa yangu atawaletea dukani kesho kutwa, kopi mbili, moja yenu na moja mtie saini na tarehe kwamba mmepokea aniletee. Mkikataa kutia saini ataandika hivo hivo kwamba mmekataa, na atakuwa na shahidi pamoja naye. Mkitaka kwa simu basi tumeni kwa namba ile ile yangu ilolipa, ina jina langu, msitume kwa mtu yoyote atakaewapigia akasema ni ndugu yangu. Na mkishatuma nipigieni au mniandikie namba ya muamala, sio picha.

Ikipita tarehe 16 sina zaidi ya kusema nanyi. Ntakwenda kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ambayo ipo kwa Sheria namba 5 ya 2018 ya hapa hapa Zanzibar, na kumlinda mnunuzi ndo moja katika kazi zake, nipeleke malalamiko yangu na vielelezo vyote. Sambamba na hapo ntamuona Sheha wangu anitambulishe kwa maandishi, mana mlalamikaji yuko Pemba na duka liko Unguja na sitaki mtu anambie hanijui, halafu mahkamani kwa kudai pesa ya bidhaa isofikishwa. Na lile la picha ya katoni ya mtu mwengine kutumwa kama mzigo wangu ntaripoti polisi, hilo si deni tena. Msijidanganye kwamba mambo ya kwenye simu hayahesabiwi, sheria inazitambua meseji kama ushahidi, na zangu sijafuta hata moja, wala sauti zenu sijazifuta, hata ile ya kijana anasema "inshallah kesho dada" huku nyuma yake watu wanacheka.

Sina ugomvi na duka lenu la zamani. Marehemu mama alinunua charahani yake ya kwanza ya miguu hapo hapo kwenu wakati wa mzee wenu, na ndo sababu nliandika kwenu kabla ya kwengine kokote. Kwa hiyo namuomba mwenye duka mwenyewe, sio kijana wala meneja, aichukue simu yangu. Kama hizi habari hakuzijua basi sasa kazijua, aagize daftari la Novemba, atazame muhuri wa tarehe 24, atazame kama kuna ovaloki 747 ilotoka stoo siku zile na ilikwenda kwa nani. Hiyo kazi ya nusu saa. Na kama kuna wateja wengine wa Pemba ambao kijana huyo aliwapa namba yake, bora muwatafute nyie kabla hawajaanza kuandika kama mie.

Pesa zikiingia ntaandika pahala hapa hapa kwamba mmelipa, kiasi na tarehe, ili alosoma hii asome na ile. Napokea simu baada ya sala ya alasiri, asubuhi mashine zinapiga kelele sisikii. Jamaa yangu atakuwa dukani Jumatano saa nne za asubuhi na barua ya karatasi, muwekeeni mtu wa kumpokea.

Wasalaam,
Mteja wenu, fundi wa nguo, Wete